Mzigo mpya, tarehe ya zamani: kutafuta kasoro kwenye stoo ya vipodozi

Karakana nyingi za vipodozi hapa Tanga ni chumba kimoja au viwili: sufuria na mzani upande mmoja, rafu za malighafi upande wa pili, na daftari la kaunta limening'inizwa msumarini. Mafuta ya nazi yanatoka Pangani au Muheza kwa madumu, nta ya nyuki inaletwa kutoka Handeni, siagi ya shea na kihifadhi vinapanda basi kutoka Dar es Salaam. Ukimuuliza mwenye karakana anafuata mpangilio gani, atakujibu bila kusita kwamba cha zamani hutoka kwanza. Na kweli anaufuata. Shida ni kwamba “cha zamani” kwake ni kilichoingia zamani. Malighafi haijali imepita lini mlangoni kwako, inajali imekamuliwa lini.

Dalili zilizoko hapa chini nimezianza na ile inayokula fedha nyingi zaidi, na nyingine nyingi ni watoto wake.

Dalili: zamu unaifuata, lakini kila baada ya muda kuna ndoo inayoisha muda

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni tarehe za mizigo miwili iliyofuatana. Mama mmoja mwenye karakana Ngamiani anatengeneza mafuta mazito ya kupaka mwili yenye shea, na kwa mwezi anatumia kilo 5 za shea hiyo. (Namba zote nimezinyoosha kidogo ili hesabu isomeke.) Januari alipokea kilo 20. Mwanzoni mwa Machi, zikiwa zimebaki kilo 12, muuzaji mwingine akampigia simu kwamba anazo kilo 25 na bei imeshuka. Akazichukua. Ndoo mpya zikapangwa nyuma, za Januari zikabaki mbele, kama inavyotakiwa.

Nilipomwomba tuzigeuze ndoo tusome lebo, hakuona sababu.

“Hizi zimekuja juzi tu, mwanangu. Hata vumbi hazijashika.”

“Ni kweli, mama. Naomba tu tuione hii tarehe ya chini.”

Ndoo za Januari zilikuwa zinaisha muda 31 Mei ya mwaka unaofuata. Ndoo za Machi, 31 Januari ya mwaka huohuo unaofuata. Mzigo uliokuja nyuma ulikuwa umeutangulia ule wa mbele kuzeeka kwa miezi minne. Ile bei haikushuka bure: muuzaji alikuwa anasafisha stoo yake, akaihamishia stoo ya mama.

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, tarehe hizo zinapaswa kurudishwa nyuma. Makopo anayouza yameandikwa kwamba yanafaa kwa miezi 6 tangu kutengenezwa. Kopo likijazwa leo, shea iliyomo inatakiwa iwe nzima hadi siku ya mwisho ya ahadi hiyo, si hadi leo tu. Kwa hiyo tarehe inayomhusu mpishi si ile ya kwenye ndoo. Ni tarehe ya mwisho ya malighafi kuingia sufuriani, tuiite tarehe ya sufuria, yaani tarehe ya ndoo ukiondoa miezi uliyomwahidi mteja. Kwa mzigo wa Januari tarehe hiyo ni 30 Novemba mwaka huu, na kwa mzigo wa Machi ni 31 Julai. Katika karakana ninazozifahamu, tarehe hii ndiyo inayoachwa kuandikwa kuliko zote, na bila yake zamu yoyote utakayoifuata inaongozwa na namba isiyo yake.

Sasa tuangalie njia mbili. Akifuata mpangilio wa kuingia, zile kilo 12 za Januari zinakwisha katikati ya Mei. Kuanzia hapo anafungua za Machi, na hadi 31 Julai atakuwa ametumia kilo 13 hivi. Kilo 12 zinabaki zikiwa zimepitwa na tarehe ya sufuria. Akifuata tarehe, anaziacha za Januari zipumzike na kufungua za Machi mara moja: miezi mitano, kilo tano kila mwezi, kilo 25 zimekwisha 31 Julai. Agosti anarudi kwenye kilo 12 za Januari, nazo zinakwisha Oktoba, mwezi mzima na zaidi kabla ya mwisho wao. Ndoo ni zilezile, na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni ndoo ipi inafunguliwa kwanza.

Ila ona jinsi njia ya pili ilivyobana. Kilo 25 kwa miezi mitano hazina nafasi hata ya wiki moja. Oda zikilegea Juni, na baada ya pilikapilika za Idd huwa zinalegea, kuna kilo mbili tatu zitakazokwama hata kwa anayefuata tarehe vizuri. Kwa hiyo dawa kamili iko mlangoni, kabla ya kulipa, na inachukua dakika mbili. Panga mizigo yote ya malighafi hiyo kwa tarehe ya sufuria, ukiwamo huu unaotaka kununua. Anza na wa kwanza: kilo zake gawanya kwa matumizi ya mwezi. Jibu lisizidi miezi iliyobaki hadi tarehe yake. Nenda kwa wa pili, ukijumlisha kilo za kwanza na zake, kwa sababu wa pili anasubiri wa kwanza aishe. Hapa mzigo wa Machi unatoa 25 kwa 5, miezi 5, na miezi iliyopo ni 5. Wa Januari unatoa 37 kwa 5, miezi saba na nusu hivi, na iliyopo ni karibu 9. Mzigo wa kwanza umegota. Mimi ningemshauri mama achukue kilo 15 na aiache ofa ya kilo 25, hata kama muuzaji anasema hafungui katoni.

Matumizi ya mwezi unayogawanyia yawe ya miezi ya kawaida. Ukichukua ya mwezi wa kuelekea Idd utajidanganya kwa upande mbaya.

Dalili: daftari lina mali nyingi, lakini ukitaka kupika huna cha kupikia

Hapa thamani imeachwa iishi kuliko kitu chenyewe. Tuseme mama hakugeuza ndoo, na 31 Julai imemkuta na zile kilo 12. Daftari lake linasema nini? Mzigo wa Machi aliununua shilingi 14,000 kwa kilo, yaani 350,000, akalipa 25,000 za basi na bodaboda hadi mlangoni. Jumla 375,000, kwa hiyo kila kilo imemgharimu 15,000. (Nauli ni sehemu ya gharama ya shea. Ukiiandika pembeni kama matumizi ya usafiri, kila kopo litaonekana limetoka kwa bei rahisi kuliko ukweli, na bei ya kuuzia utaipanga juu ya uongo huo.) Kilo 12 mara 15,000 ni 180,000, na namba hiyo ndiyo inayoendelea kukaa kwenye ukurasa wa mali iliyopo.

Lakini shea hiyo haiingii tena kwenye mafuta ya kupaka. Haijachacha, na tarehe ya kwenye ndoo bado ina miezi sita. Ila kuanzia kesho yake haiwezi kutimiza ahadi ya miezi 6 sawasawa. Inachoweza ni kuingia kwenye sabuni ya kipande, ambako itachukua nafasi ya mafuta ya mawese anayoyanunua kwa 6,000 kwa kilo. Basi kwake sasa ina thamani ya 6,000, si 15,000. Kilo 12 ni 72,000. Tofauti ya 108,000 inaandikwa hasara mwezi huohuo wa Julai.

Kanuni ya kimataifa ya kuthamini mali ya stoo, inayojulikana kama IAS 2, inasema jambo hilohilo: mali ibaki vitabuni kwa gharama yake au kwa thamani inayoweza kupatikana kwayo, ile iliyo ndogo. Karakana ndogo haihitaji kuisoma kanuni nzima, inahitaji kuuliza swali moja kila inapohesabu stoo: kitu hiki bado kinaweza kufanya kazi niliyokinunulia? Kama ndiyo, kiache kwa gharama yake. Kama kimeshushwa daraja, kithamini kwa kazi yake mpya. Kama tarehe ya ndoo imepita, ni sifuri, hata kama kinanukia vizuri. Na usiende upande wa pili kupita kiasi. Bei ya shea ikishuka sokoni wakati yako ni nzima na makopo yako bado yanauzika kwa faida, huna haja ya kupunguza thamani yake.

Sasa linganisha. Mzigo wa Januari ulimgharimu 19,000 kwa kilo pamoja na usafiri. Kwa kununua wa Machi kwa 15,000 aliokoa 4,000 kwa kila kilo, na kwa kilo 25 ni 100,000. Hasara ya zile kilo 12 ni 108,000. Ofa yote imeliwa na nauli ya kurudi imedaiwa juu yake. Asingeandika ile hasara Julai, angekaa mwaka mzima akiamini yule muuzaji ni rafiki.

Kwa wanaopeleka shea kwenye sabuni: usibadilishe kilo kwa kilo ukaacha kostiki soda palepale. Kilo moja ya mawese hutaka takriban gramu 141 za kostiki ili yote igeuke sabuni, shea hutaka takriban gramu 128 tu, na nazi takriban 183. Ukiweka shea mahali pa mawese bila kupiga hesabu upya, kuna gramu 13 hivi za kostiki kwa kila kilo zitakazobaki bila mafuta ya kushikana nayo. Zinakula ule ukarimu wa mafuta uliouacha kwenye sabuni, na kama uliacha kidogo, ngozi ya mteja itakuambia. Tena peleka shea kwenye sabuni ikiwa bado nzima. Sabuni si kaburi la mafuta yaliyochacha: wiki chache baada ya kukauka vipande vinaota madoa ya rangi ya chungwa na harufu inarudi.

Dalili: mafuta mapya yanachacha kabla ya tarehe yake

Wengi wanamlaumu muuzaji hapa, na pengine kweli ana lake. Ila kabla ya kumpigia simu, angalia ndoo unayochotea. Kama ni ndoo moja ileile kubwa yenye bomba, ambayo kila dumu jipya linamiminiwa humo juu ya mabaki ya dumu lililopita, umeshapata mwizi.

Kujazilia ni tabia ya jikoni, na jikoni haina madhara makubwa kwa sababu mafuta hayakai. Karakanani inaharibu mara mbili. Kwanza inaharibu mafuta yenyewe. Mafuta yaliyoanza kuchacha yana peroksaidi ndani yake, na hizo huchochea mafuta mapya yanayokutana nayo kuanza safari hiyohiyo mapema. Lita mbili za zamani chini ya ndoo zinawafundisha lita 20 mpya tabia yao. Alizeti ndiyo inayoonyesha haraka, maana mafuta yake ni mepesi kushambuliwa na hewa. Nazi inavumilia zaidi, ndiyo maana wengi hujazilia nazi kwa muda mrefu bila kuona kitu, kisha wakaleta tabia hiyo kwenye alizeti na kuona ajabu.

Pili inaharibu hesabu. Ndoo iliyojaziliwa haina tarehe tena. Ina tarehe mbili, tatu, na kwa usalama inabidi uichukue ile ya mapema kuliko zote kuwa ya ndoo nzima. Yaani lita 2 zinazokaribia mwisho zimeshusha umri wa lita 20 zilizokuwa na mwaka mzima. Na bei nayo imechanganyika: ukitaka kujua kopo la leo limetumia mafuta ya shilingi ngapi, huwezi kusema ni ya dumu lipi.

Namna ya kuhakikisha: chota kijiko kutoka ndoo, kingine kutoka dumu ambalo halijafunguliwa la mzigo uleule, sugua kila kimoja kwenye kiganja chake hadi kipate joto, kisha nusa. Mafuta yaliyochacha yana harufu ya karanga kuukuu. Kama dumu lililofungwa ni zima na ndoo inanuka, muuzaji hana kosa. Kama yote mawili yananuka, sasa mpigie.

Dawa ni kuacha bomba liwe la kutumia, lisiwe la kuhifadhi. Dumu likae kwenye dumu lake na kadi yake hadi liishe, na ndoo ya bomba ioshwe kwa maji ya moto na sabuni na kukaushwa kabisa kabla dumu lingine halijaingia. Mabaki ya mwisho yasiyotosha upishi mmoja yapelekwe kwenye sabuni siku hiyohiyo. Vitamini E inasaidia kuchelewesha kuchacha ikiwekwa mafuta yakiwa mapya. Ukiiweka kwenye yaliyokwisha kuchacha umeharibu vitamini pia, maana hairudishi kitu nyuma.

Kama ndoo ni safi, hakuna kujazilia, na bado mafuta yanawahi, tazama juu. Rafu ya juu chini ya bati, Februari na Machi za Tanga, ni mahali pabaya kuliko pote chumbani. Kwa makadirio ya wanakemia, kila joto linapopanda nyuzi 10 kuchacha kunakwenda kasi mara mbili hivi. Tarehe ya muuzaji imedhani chombo kimefungwa na kipo mahali pa baridi. Shea inayeyuka na kuganda kila siku ndani ya ndoo, inakuwa na chenga kama sukari. Chenga hizo haziiharibu, lakini zinakuambia ndoo hiyo imekaa wapi. Zishushe malighafi chini, juu ya mbao, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Na kila chombo kinapofunguliwa, andika siku ya kufunguliwa, kisha jiwekee ukomo wako mwenyewe. Kwa alizeti iliyofunguliwa, mimi sizidishi miezi mitatu, hata lebo iseme nini.

Dalili: mzani na daftari havikubaliani

Zipo za aina mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kilo zinazopotea. Daftari linasema dumu la nazi lilikuwa na kilo 20, lakini ukijumlisha mapishi yote yaliyotoka humo unapata 18 na kitu. Kijana wa stoo anaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Kabla hamjafika huko, soma risiti: uliuziwa lita 20. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na lita moja ya mafuta ya nazi ina uzito wa gramu 920 hivi. Lita 20 ni kilo 18.4. Hakuna aliyeiba, kuna mtu aliyeandika lita kwenye safu ya kilo. Dumu likifika, lipime na chombo chake, uondoe uzito wa dumu tupu, na hiyo ndiyo iingie daftarini. Bei ya kilo nayo inabadilika: dumu la 110,000 kwa lita 20 si 5,500 kwa kilo, ni karibu 5,980.

Ya pili ni kilo zinazoongezeka, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Kopo la kostiki soda lililopaswa kuwa na kilo 4 linapimwa kilo 4.2, na hakuna aliyeongeza. Wengine hufurahi, wakaandika ziada. Kostiki inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani inao wa kutosha. Wakati huohuo inashika hewa ukaa na kugeuka magadi ya kawaida, yasiyoweza kuyageuza mafuta kuwa sabuni. Uzito umepanda, nguvu imeshuka. Ukiipima kwa gramu zilezile, sabuni inachelewa kushika, inakaa laini, na uso wake una mafuta. Watu hulaumu mapishi, hubadilisha mafuta, hupunguza maji, na kopo lenye mfuniko uliolegea limekaa palepale.

Kwa thamani, kostiki iliyoongezeka uzito isiandikwe zaidi ya ilivyonunuliwa. Ikiwa chembe zimeshikamana au zimeota ukoko mweupe, mimi naiandika sifuri kwa kazi ya sabuni. Nunua pakiti za kilo moja zilizozibwa badala ya gunia la kilo 25, hata kama kilo inaongezeka bei. Fungua moja, imalize, fungua nyingine. Hapa zamu haifuati tarehe ya lebo, inafuata iliyofunguliwa. Na glavu zivaliwe hata kwa kupima tu. Wakati wa kuchanganya ni kostiki inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki.

Dalili: mhasibu ana thamani yake na wewe unayo yako

Hii mara nyingi si kosa la mtu. Tuchukulie mama alifuata tarehe, na 31 Julai amebaki na kilo 12 za mzigo wa Januari. Kwenye kadi zake ni kilo 12 kwa 19,000, jumla 228,000. Mhasibu anayechukulia kwamba gharama ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, ile wanayoiita fifo, atasema vilivyobaki ni vya mwisho kununuliwa, kwa hiyo 12 kwa 15,000, jumla 180,000. Anayetumia wastani atajumlisha thamani ya vyote siku mzigo wa pili ulipoingia, 603,000 kwa kilo 37, apate karibu 16,300 kwa kilo, na jumla ya 195,600 hivi.

Mikono inafuata tarehe, vitabu vinaweza kufuata fifo au wastani, na kanuni inaruhusu vyote viwili. Haziruhusiwi hesabu zinazodhani cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka, wala kuruka kutoka njia moja hadi nyingine kila mwaka kutafuta faida inayopendeza. Kwa karakana yenye malighafi kumi na tano hivi, mimi napenda wastani kwa vitabu vya mwaka, kwa sababu bei ya kopo haipandi na kushuka kila ndoo inapobadilika. Kwa kupanga bei na kuamua ofa ninaangalia kadi ya kila mzigo. Anachotakiwa mhasibu kukipata kutoka kwako, njia yoyote atakayotumia, ni orodha ya vilivyopitwa na tarehe ya sufuria, maana hesabu zake haziioni rafu.

Dalili: maelekezo yapo, lakini ndoo isiyo yake ndiyo inayofunguliwa

Mtu mwenye mikono yenye mafuta huchukua kilicho karibu. Usipoteze muda kumsema. Weka sheria ya chombo kimoja tu wazi kwa kila malighafi, hicho kikae mezani, na vilivyofungwa vikae rafuni vikiwa vimepangwa kwa tarehe ya sufuria kutoka kushoto kwenda kulia. Mzigo ukifika, utafute mahali pake kwenye mstari huo. Usiusukume nyuma kwa mazoea.

Kwenye kila ndoo bandika selotepu ya karatasi na uandike kwa penseli. Wino wa kalamu nene unapendeza siku ya kwanza, kisha tone la mafuta linaupitia na Julai inabaki doa la buluu. Penseli inavumilia. Namba tatu zinatosha: tarehe ya sufuria kwa herufi kubwa, siku ya kufunguliwa, na gharama ya kilo hadi mlangoni. Mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu 04/07 iliyotoka ng'ambo inaweza kuwa Julai au Aprili kutegemea nani aliiandika.

Dalili: chombo hakina tarehe kabisa

Malighafi nyingi zinauzwa zikiwa zimeshapunguzwa kutoka pipa kubwa hadi chupa au mfuko usio na chochote zaidi ya jina. Muuzaji wa kweli anaweza kukupa picha ya lebo ya pipa au cheti cha uchambuzi cha mzigo huo, na humo kuna siku ya kutengenezwa. Soma kwa makini kama tarehe ya pili ni ya kuisha muda au ya kupimwa upya. Ya kupimwa upya haisemi kitu kimekufa, inasema mwenye maabara akipime tena kabla ya kukiongezea muda. Kwa wewe usiye na maabara, zichukulie zote mbili kuwa ukomo.

Karatasi isipopatikana, usibuni tarehe kwa kuhesabu kutoka siku uliyonunua, kwa kuwa hilo ndilo kosa la ndoo za Machi limevaa nguo nyingine. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mkaguzi akiuliza tarehe ya kopo lako imetoka wapi, “nilikadiria” si jibu. Chombo cha namna hiyo kitengwe rafu ya peke yake, kisipikwe, na kwenye hesabu ya mwezi kiandikwe sifuri. Muuzaji akituma karatasi, kirudishe kwenye mstari mahali tarehe yake inapokiweka, kwa gharama uliyolipa. Asipotuma hadi mwisho wa mwezi wa pili, mrudishie mzigo au ubebe hasara, na oda inayofuata ipelekwe kwingine.